Utaje miaka au uiache? Salamu ya kuzaliwa kwa mtoto, mama, mkwe na bosi

Nina kibanda cha keki Mwanjelwa, hapa Mbeya, na kila mteja namuuliza mambo matatu: ladha gani, jina liandikweje, na je, tuweke namba? Mawili ya kwanza hujibiwa papo hapo. La tatu ndilo linalomfanya mtu atoe simu ampigie dada yake. Na kwa kuwa maneno ya juu ya keki siku hizi ndiyo yale yale yanayokwenda kwenye wasapu na stetasi, nimejikuta mshauri wa salamu bila kuiomba kazi hiyo.

Chukua salamu hizi mbili kwa mtu yule yule:

"Shikamoo mama. Heri ya siku ya kuzaliwa. Leo umetimiza miaka 60, Mungu akuzidishie."

"Shikamoo mama. Heri ya siku ya kuzaliwa. Mungu akuzidishie miaka yenye afya."

Ya kwanza imebeba habari, ya pili imebeba dua peke yake. Habari inaweza kuwa kweli au si kweli, inaweza kuwa siri, tena inaweza kumfikia asiyepaswa kuisikia. Dua haina hatari hiyo, lakini ina upungufu wake: ungeweza kuituma kwa yeyote, na mpokeaji analijua hilo. Ndiyo maana watu huipenda namba. Inaonyesha kwamba umekumbuka, umehesabu, hukunakili ujumbe wa mtu mwingine ukabadilisha jina.

Salamu hiyo ya mama si ya kubuni. Mwaka 2025 walikuja watoto watatu wa mama mmoja wa Uyole, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa anastaafu. Utumishi wa umma humruhusu mtu kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na humlazimu akifikisha 60, kwa hiyo kwa watoto hesabu ilikuwa wazi kabisa: faili linasema 1965, barua ya kustaafu ipo, basi ni 60. Wakataka keki kubwa yenye "Mama @ 60", mshumaa wa 6 na wa 0, na bango la maneno hayo hayo la kurushwa kwenye grupu la ukoo, lile walimo pia walimu wenzake wawili watatu walioolewa humo.

Nikaandika. Krimu haijakauka, simu ikaita. Kijana mkubwa alikuwa amemtumia mjomba wake picha ya bango ili aione kwanza, na mjomba akajibu kwa ujumbe wa sauti ambao walinisikilizisha kesho yake: "Sitini? Mimi nimezaliwa mwaka wa Muungano, nina sitini na moja, na huyo mama yenu ndiye aliyenibeba mgongoni. Labda alinibeba kabla hajazaliwa."

Wenye umri wao wanajua lilivyotokea. Mtoto alichelewa kuanza shule, akawa mkubwa kuliko wenzake wa darasa la kwanza, na siku ya kuandikishwa mzee wake au mwalimu akampunguzia miaka ili apokelewe. Namba hiyo ikaingia kwenye cheti, kisha kwenye ajira, kisha kwenye kitambulisho. Hakuna aliyedanganya kwa nia ya kula fedha ya mtu. Lakini bango lile kwenye grupu lingemtaka mama achague mbele ya wote: akubali 60 na ndugu zake wacheke, au acheke nao na walimu wenzake wasikie kwamba faili lake lina hadithi. Watoto wake walikuwa wanataja miaka kwa upendo, na namba yenyewe waliitoa kwenye karatasi.

Tangu hapo nimeacha kumuuliza mteja "anatimiza mingapi?" Namuuliza: "Hiyo namba nani amekuambia?" Jibu lake linanisaidia kuliko umri wenyewe. Kama ni mwenyewe aliyeitamka mbele yako, tena kwa sauti ya kawaida, unaweza kuiandika. Kama umeisoma kwenye fomu, umeiona kwenye kitambulisho, au umeipiga mwenyewe kwa kukumbuka alimaliza darasa la saba mwaka gani, iache.

Kwa mtoto mdogo hakuna haja ya kuulizana. Mtoto wa miaka minne akiletewa keki isiyo na 4 ataona imekosewa. Yeye mwenyewe anatembea nyumba kwa nyumba akionyesha vidole, na kwake namba ndiyo sherehe. Salamu yake iandike na namba, hata kama unaituma kwa simu ya mama yake: "Hongera sana baba, leo umekuwa wa miaka minne, umempita binamu yako." Ukiandika tu "Mungu akukuze" umewasalimu wazazi, mtoto hukumsalimu. Kuna bibi zetu wasiopenda mtoto ahesabiwe hadharani, na kama ujumbe unapita kwa bibi wa namna hiyo mwachie mama mtu aamue.

Tahadhari inaanzia kwenye miaka kumi hivi, pale ambapo umri hulinganishwa na darasa. Mtoto wa miaka 13 aliye darasa la nne, kwa sababu ya ugonjwa au ya kuhamahama, anajua kabisa kwamba 13 hiyo ikisomwa na wenzake itamletea jina la utani. Kwake jina lake kubwa la krimu linatosha.

Miaka 18 ndiyo inayoagizwa kwa kelele kuliko yote, maana ndiyo ya kupiga kura na kuitwa mtu mzima kisheria. Wenzake wa rika wataiandika, watapiga picha, watammwagia maji hata kama ni Julai na baridi ya huku inauma mifupa, na hakuna neno. Baba na mama wanaweza kuiandika. Ila mwanamume mzima asiye ndugu anayemwandikia binti "sasa umetimiza 18" amesema jambo jingine, na binti amelielewa. Hapo hata kama nia yako ni njema, andika "hongera na masomo mema", na utume kwa wazazi.

Kati ya 20 na 29, marafiki hutajiana umri kama wanavyotajiana matokeo ya mpira. Nipite haraka.

Kwenye 30 namba inabadilika tabia. Salamu ya "karibu kwenye thelathini" kwa dada aliyeolewa na mwenye watoto wawili inapokelewa kwa kicheko. Salamu hiyo hiyo kwa dada asiyeolewa, ikitoka kwa shangazi, inasomwa kama swali ambalo kila Krismasi anaulizwa akifika Tukuyu. Shangazi hakuandika neno "mume" popote, namba imemwandikia. Na kaka asiyeoa naye siku hizi anaulizwa hivyo hivyo. Kwa hiyo kati ya 30 na 50 kitu cha kupima ni nani anayeituma. Rafiki wa rika lako mwenye umri kama wako anaweza kutaja, kwa kuwa akisema "tumefika 40" amejitaja na yeye. Ona tofauti ya "umefikisha 40" na "tumefikisha 40". Silabi moja tu, lakini ya pili haimwachi mtu peke yake na miaka yake. Aliyekuzidi na uliyemzidi hawana hiyo "tu", na wao ndio hukosea zaidi.

Kuna kikoba kimoja cha akina mama, nisichokitaja, ambacho katibu wake alikuwa na moyo mzuri na bidii nyingi. Akaamua kila mwanachama apate salamu siku yake kwenye grupu. Tarehe alizitoa wapi? Kwenye fomu kulikuwa na namba za NIDA, na namba ile tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa: anayeanza na 19820514 amezaliwa tarehe 14 Mei 1982. Kila mwenye kuishika fomu anaweza kukusoma. Basi zikaanza kuja: "Kikoba kinampongeza mama fulani kwa kutimiza miaka 43." Wa kwanza akashukuru kwa kifupi. Wa pili akaondoka kwenye grupu usiku ule. Huyu alikuwa amewaambia wenzake, na mume wake, miaka pungufu kidogo. Na kwa nini asiwaambie anachotaka? Wa tatu alimpigia katibu kabla siku yake haijafika na kumwambia, kwa adabu ya Kinyakyusa inayokatisha kauli, "Ndaga fijo, lakini yangu usiiandike." Kikoba kiliendelea na salamu, namba zikatoka.

Makosa ya katibu yalikuwa mawili na wengi huyachanganya. La kwanza, namba alipewa kwa kazi nyingine, ya mikopo na hisa. La pili, aliiweka mbele ya watu wote. Ujumbe wa mtu mmoja kwa mmoja unavumilia mengi: hata ukikosea atakurekebisha na mtacheka. Kwenye grupu, stetasi, redio au tangazo la kanisani hakuna wa kukurekebisha bila kujifunua. Ukiwa na wasiwasi, taja miaka faraghani na uiache hadharani. Unaweza kutuma zote mbili siku moja.

Kwa bosi ushauri wangu ni mfupi: usitaje, hasa akiwa kati ya 54 na 60. Katika ofisi ya umma hiyo namba ni kalenda ya kiti chake. Mtumishi aliyeandika "hongera mkuu kwa kutimiza 59" ameonekana anahesabu miezi, hata kama hakukusudia. Andika "Heri ya siku ya kuzaliwa mkuu, afya njema na kazi njema." Ni salamu kavu, najua. Kwa bosi ukavu huo ni heshima.

Mkwe ni habari nyingine kabisa, na huku kwetu ni nzito kuliko mahali pengi. Zamani Rungwe mkamwana hakutakiwa hata kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Angechepuka njia akimwona anakuja. Leo mkamwana yumo grupu moja naye na anamtumia vocha, lakini kivuli cha ile heshima kipo bado. Kumwambia baba mkwe "umetimiza 67" ni kama kumtazama kuanzia juu hadi chini. Hata mkamwana aliyeambiwa umri huo na mumewe hakuambiwa na mwenyewe. Mimi humshauri atume kwa sauti ya nyumba nzima: "Shikamoo baba. Sisi na wajukuu zako tunakutakia heri ya siku yako ya kuzaliwa." Mume wake akitaka kutaja miaka, ataje yeye, ni baba yake. Kwa mama mkwe mambo ni mepesi kidogo, hasa mkizoeana jikoni, na wapo wanaotaka kabisa itajwe. Atakuambia mwenyewe.

Kisha uzee unageuza mambo tena. Kuanzia 70 namba inarudi kuwa ya fahari, kama ya yule mtoto wa miaka minne. Mzee wa 80 anataka watu wajue ni 80. Wakristo wa huku, Wamoraviani na Walutheri na Wakatoliki, wanaijua ile Zaburi ya 90 inayotaja miaka sabini, na themanini kwa mwenye nguvu, kwa hiyo kuitaja namba ni kutaja neema. Lakini utani wa "sasa uko kwenye nyongeza" ni wa mzee mwenyewe. Akiusema yeye, cheka. Usimwandikie wewe.

Na chunga dua zenye namba ndani yake. "Uishi miaka mia" kwa kijana ni baraka. Babu mmoja wa Kyela aliyekuwa na 94 alisomewa kadi yenye maneno hayo, akatulia kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mmenibakizia sita?" Kwa waliopita 80 andika "Mungu akuongezee", ukome hapo.

Tatizo la wazee ni kwamba wengi wao hawana tarehe, na waliyo nayo imekadiriwa siku ya kuandikishwa. Hapa ndipo desturi ya zamani inasaidia kuliko karatasi. Katika Unyakyusa vijana wa rika moja walikuwa wakihama kwa wazazi na kujenga kijiji chao, wakaoa humo na kuzeekea humo pamoja. Wataalamu waliofika huku miaka ya 1930 waliandika mengi juu ya vijiji hivyo vya rika. Mtu alijulikana ni wa kundi gani, si wa miaka mingapi. Na hadi leo ukimuuliza bibi amezaliwa lini atakupa tukio: kabla ya Uhuru, mwaka wa Azimio, wakati wa vita vya Amini. Watu wa kando ya reli, kutoka Makambako hadi Tunduma, wanakumbuka pia kwa TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Basi iandike salamu kwa njia hiyo. Badala ya "umetimiza 53", ambayo huenda ni 52 au 55, mwandikie "Hongera shangazi, uliyezaliwa Wachina wakitandika reli." Umetaja umri wake kwa kadiri anavyoujua yeye, hukumwongezea wala kumpunguzia, na anayesoma pembeni anaona sifa, haoni hesabu.

Ukishaamua kutaja, itaje sawasawa. Kosa ninalofuta mara nyingi kwenye keki ni la kuchanganya "kutimiza" na "mwaka wa". Aliyezaliwa Machi 1995, Machi 2025 ametimiza miaka 30, na siku hiyo hiyo ameingia mwaka wa 31. Ukimwandikia "heri ya mwaka wako wa 30" umemrudisha nyuma mwaka mzima. Kosa la pili hutoka kwenye masikio: alikuambia mwezi wa kumi ana 29, wewe mwezi wa tatu unaandika 29 ile ile. Namba uliyoisikia kabla ya siku yake inaongezwa moja. Wanaopenda "mtimiza 30" na maneno ya kisasa ya namna hiyo shauri yao, ila mimi kwenye krimu naandika "Miaka 30" basi; haina utata na inaenea kwenye keki ya kilo moja.

Turudi Uyole. Usiku ule nilikwangua "@ 60" kwa kisu kilicholowekwa maji ya moto nikasawazisha krimu. Watoto walikuwa wanatafuta cha kuweka mahali pake. Binti akasema tuandike "Bibi wa wajukuu 9". Nikaipenda, maana namba ya aina hiyo humtaja mtu kwa alichokijenga. Kaka yake akasema ni kumi, yule mdogo aliyefariki naye bibi humhesabu. Wakanyamaza wote watatu pale mezani. Namba hiyo nayo ikaachwa.

Mwishowe keki iliandikwa "Mama, mwalimu wetu wa kwanza", na ile mishumaa ya 6 na 0 nikaibadilisha kwa mshumaa mmoja mrefu wa kawaida. Niliipeleka mwenyewe, bajaji hazinipi imani na keki ya ghorofa mbili. Mama akaisoma kwa sauti kama anasoma ubaoni, akaizunguka, akakunja uso.

"Mbona hamkuandika miaka yangu?"

Mjomba akakohoa, akaomba apewe kisu aanze kukata.